Mkanda wa saa unaonata

"Wakuu, nipo Ujiji. Mkanda wa saa yangu umeanza kunata. Fundi anasema jasho limeyeyusha silikoni. Kweli?"

Fundi kapatia nusu, mkuu. Joto na jasho vimehusika, ila silikoni hainati hivyo. Yenyewe hushika vumbi, kisha huchanika kwenye matundu. Huo wako huenda ni poliyurethani, plastiki laini nyingine, iliyouzwa kwa jina la silikoni. Unyevu na joto huivunja polepole, hata ikikaa kabatini. Kuosha hakutairudisha. Raba ya asili nayo hukauka. Ikunje, utaona nyufa. Kwa kuvaa kila siku chukua silikoni, uisuuze jasho kila jioni. Mfuko ukiruhusu, tafuta raba yenye florini, iliyoandikwa FKM: hiyo haisumbuliwi sana na jasho wala mafuta ya ngozi.