Usukani, Abiria au Jozi?

Kazi yangu ni kukaa nyuma ya kaunta ya duka la spea za magari hapa Kisekka, Kampala, na simu mbili mbele yangu. Moja inapokea oda za Kiganda na Kiingereza. Nyingine ni ya Kiswahili: mafundi wa Bwera na Kasese, wa Arua, na wenzao wa ng'ambo ya mpaka, Beni na Bunia. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifundisha kuuliza, tena kwa hasara.

Wiki moja fundi wa Bwera alinitumia ujumbe huu: "Boss mambo. Premio 240 inagonga mbele, amotisa inatoa mafuta. Tuma na basi ya jioni." Amotisa ni shokapu, ndivyo wanavyoiita wenye Kiswahili cha Kongo. Nilikuwa na wateja wanne kaunta na mpishi ananidai hela ya chai. Nikamjibu mbio mbio: "Sawa fundi. Premio ya mwaka gani, ni mbele ama nyuma, ni kulia ama kushoto, ni moja ama mbili, mpya ama mtumba?" Akarudisha baada ya dakika arobaini: "Ndiyo. Ya kulia."

Nikafunga ya kulia, moja, mtumba wa Japani, ikapanda basi. Kesho yake asubuhi akanipigia, gari iko juu ya jeki na mwenye gari amesimama pembeni yake. Shokapu za mbele za gari lile hazibadilishani: kibano kinachoshika bomba la breki kimekaa upande tofauti kwa kila moja. Yeye alikuwa amesimama mbele ya boneti akitazama injini, mkono wake wa kulia ndio akauita kulia. Sisi dukani tunahesabu kutoka kiti cha dereva. Mzigo ukarudi, mwingine ukaenda, nauli zote mbili zikakatwa kwangu. Ilikuwa haki.

Nilipousoma tena ujumbe wake nikaona aibu zaidi. Nilimuuliza mwaka na yeye ameandika 240, yaani toleo lenyewe la gari. Nilimuuliza mbele ama nyuma na yeye ameandika mbele. Vitu viwili tu ndivyo vilivyokuwa havijulikani, navyo nilivifukia katikati ya maswali matatu ambayo majibu yake ninayo. Mtu aliyelala chini ya gari, mikono ina grisi, akiona maswali matano anajibu moja, na wewe huchagui lipi.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya kuuliza nachukua kalamu na kuandika kwenye kipande cha karatasi maneno yatakayokaa juu ya boksi: gari, kitu, mahali pake, idadi, hali. Najaza kile alichosema mwenyewe. Halafu nafungua daftari la mauzo, maana mteja wa muda mrefu amejieleza humo mara nyingi. Fundi huyu hajawahi kununua shokapu mpya kwangu hata siku moja, basi hali yake naijua, simuulizi. Kinachobaki wazi ndicho swali. Kwa oda ile vilibaki viwili, upande na idadi, na vyote viwili vinaingia kwenye swali moja ukiyapanga machaguo vizuri. Idadi sikuijua kwa sababu huku kwetu "amotisa ya mbele" inaweza kuwa moja, inaweza kuwa mbili. Wenye ngeli zao wangesema "za", lakini ukisubiri ngeli Kisekka utafunga duka.

Leo ningemwandikia hivi:

"Fundi, amotisa ya mbele ya 240, mtumba wa Japani kama kawaida. Nifunge ipi: USUKANI, ABIRIA, JOZI? Kama huna hakika andika PIGA. Mzigo unafungwa saa 11."

Ujumbe huo haufiki herufi 160, yaani unakwenda kama SMS moja, hata kwa simu ya kubonyeza. Na kila neno lililomo nimelilipia.

Sehemu ya kwanza si swali, ni taarifa. Ninamwambia nilichoelewa ili anikatize kama nimekosea, lakini simtaki ajibu. Kama safari hii anataka mpya, ataliona neno mtumba na atapiga kelele. Hapo kuna mpaka, ningeomba uushike: dhana ya namna hii naiweka tu kwenye jambo ambalo daftari linaniunga mkono. Upande wa shokapu siudhanii kamwe, hata kama mara tatu zilizopita alichukua wa abiria.

Neno nililotumia ni amotisa kwa sababu yeye ndivyo alivyoandika. Nikimwambia shokapu ataelewa, ila atasita kidogo, na anayesita anaahirisha kujibu.

Kulia na kushoto nimeviacha kabisa. Premio ilitengenezwa kwa soko la Japani, usukani wake uko kulia, na magari hayo yanavuka mpaka hivyo hivyo hadi Kongo, ambako watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Fundi akisimama mbele ya gari, nyuma yake, au akilala chini yake, usukani hauhami. Chaguo zuri ni lile ambalo mtu anaweza kuliona kwa macho alipo, bila kuanza kujiuliza unahesabu kutoka wapi.

JOZI iko pale kwa sababu shokapu moja ikianza kutoa mafuta mafundi wengi hubadilisha zote mbili za mbele, gari lisije likainama upande mmoja. Kwanza nilikuwa naandika ZOTE. Kuna aliyenijibu "zote" nikafunga mbili, kumbe alitaka nne.

Namba za kuchagulia niliziacha baada ya wiki moja. Niliandika "1 usukani, 2 abiria", nikajibiwa "2". Ni chaguo la pili, au ni vipande viwili? Nikalazimika kuuliza tena, na swali la pili juu ya swali la kwanza linamfanya mteja aone humsikilizi. Neno lenyewe ni salama kuliko namba, mradi maneno yasifanane. Mbele na mbili zimewahi kunitesa: kijana wa Arua aliniandikia "mbl" nikakaa naitazama simu kama anayesoma matokeo ya mtihani. Usukani, abiria, jozi: kila moja linaanza na herufi yake, likikatwa au likikosewa bado utalitambua.

Sasa kuhusu ile "ndiyo". Ukiuliza "ni ya mbele ama ya nyuma?" kuna watu wengi wataandika "ndiyo", na si wajinga. Wamesoma "ni ya mbele", kichwa kimeshakubali, kidole kimeshabonyeza. Ndiyo maana swali langu halianzi na "je" wala "ni". Linaanza na kitendo changu, "nifunge ipi", kisha machaguo kwa herufi kubwa. Ukiandika "ndiyo" hapo hata wewe mwenyewe utaona haiketi. Baya zaidi ni swali la kukanusha. "Hutaki ya abiria?" Mmoja akijibu "ndiyo" anakusudia ndiyo, umesema kweli, sitaki. Mwingine anakusudia ndiyo, naitaka. Kwa Kiswahili chetu cha mchanganyiko wote wawili wako sahihi, na mimi ndiye nitakayelipa nauli ya basi.

Kabla ya kutuma huwa nafanya jaribio moja dogo. Ninaufunika ujumbe kwa kiganja na kujifanya nimepokea jibu peke yake. "Abiria." Naweza kwenda stoo? Naweza. "Jozi." Naweza. "Sawa." Siwezi, lakini swali halikumfungulia mlango wa kusema sawa. Kama kuna jibu la kawaida ambalo litaniacha nimesimama na boksi mkononi, nalirekebisha swali.

PIGA ni ya yule ambaye hajui. Usipomwachia njia hiyo atachagua la kwanza ili asionekane hajui kazi, hasa kama mwenye gari anamchungulia begani. Akiandika PIGA nampigia kwa salio langu, tunamaliza kwa dakika moja. Na saa ya kufunga mzigo inakaa mwisho kabisa. Nikiianza nayo inasomeka kama vitisho.

Machaguo matatu yananitosha mara nyingi, manne nayavumilia. Yakifika matano najua nimeuliza mambo mawili kwa pamoja, au swali si la kuchagua. Kwa vitu vya injini, mathalani, simuulizi fundi mwaka wa gari, kwa kuwa mwaka hausemi injini gani imekaa ndani. Premio 240 ilitoka na injini za ukubwa wa aina tatu, basi naandika "1500, 1800, 2000?" na hizo namba haziwezi kuchanganywa na idadi, hakuna anayeagiza plagi 1800. Lakini akiomba sensa ambayo yeye mwenyewe anaieleza kwa mkono, "kile kidude kiko karibu na mahali pa maji", swali la neno moja ni kujidanganya. Hapo naomba picha ya kitu kilichong'olewa, na picha ya kibati cha chasisi ndani ya boneti. Na mteja mpya kabisa wa Bunia anayetaka spea za magari matatu kwa mpigo, huyo napiga simu tu, namsalimia vizuri, naandika mwenyewe akisema.

Yule fundi wa Bwera hatukukosana. Ameshaizoea namna yangu hata ananitangulia kujibu. Juzi alasiri simu ikalia, ujumbe wake huu hapa: "Boss. Premio 240, mbele, abiria, mtumba. Basi ya jioni." Gari lipo, mahali papo, upande upo, hali ipo. Kitu chenyewe amekisahau.

"Fundi, ya mbele ya abiria ya 240. Nifunge ipi: AMOTISA, TAA, KIOO?"

"Taa."