Kisu au Meno: Mashine ya Kwanza ya Kusagia Kahawa kwa Mwenye Bajeti Ndogo

Mashine ya kisu inamvutia kila anayeanza. Ni ya umeme, ni ndogo, bei yake nafuu, na inamaliza kazi kwa sekunde chache. Ila kazi yenyewe ni ya kukatakata. Buni zilizo karibu na kisu zinageuka unga, zinazorushwa juu zinabaki chenga. Mashine ya meno inazipitisha buni katikati ya meno mawili ya chuma au kauri, na chembe haishuki mpaka ipungue kiasi cha kupenya upenyo uliouweka mwenyewe.

Tofauti utaionja. Unga huachia ladha yake upesi, ukizidi kukaa na maji unatoa uchungu. Chenga huchelewa, zinaacha uchachu. Kikombe kikiwa kichungu na kichachu kwa pamoja, mwaga kidogo cha ulichosaga kwenye karatasi nyeupe, utaona vyote viwili.

Tuseme umeweka gramu 15 za kahawa kwenye karatasi ya kuchujia, ukamimina mililita 250 za maji ya moto, na kahawa imetoka chachu. Dawa yake ni kusaga laini zaidi. Kwenye kisu utaongeza sekunde kadhaa: unga unazidi, karatasi inaziba, maji yanatuama juu, uchungu unapanda na chenga chache bado zimo. Kwenye meno unakaza hatua moja au mbili, unapika tena kwa vipimo vilevile, unaonja. Hapo unajifunza kitu.

Kwa hiyo fedha ikiwa haba, mimi nitakwambia ununue ya meno ya kuzungusha kwa mkono. Ya umeme ya bei hiyohiyo siiamini sana, kwa sababu sehemu ya hela imekwenda kwenye mota. Ya mkono itakuchosha dakika moja hadi tatu kwa kikombe, basi. Kabla ya kulipa, shika mhimili wa katikati uusukume pembeni. Ukichezacheza, meno hayatakaa sambamba, na ukitaka kusaga chenga kubwa utapata mchanganyiko uleule unaoukimbia.

Kama ya kisu unayo tayari, usiitupe. Weka kahawa ya kikombe kimoja tu, bonyeza sekunde mbili, achia, tikisa mashine yote ili za juu zishuke, kisha rudia. Usiishikilie mfululizo, kahawa inapata joto bure. Ukimaliza, pitisha kwenye chujio laini la chai na uweke kando unga unaopenya. Utapoteza kiasi, lakini uchungu utapungua. Usisagie viungo humo, harufu ya iliki haitoki kirahisi.

Na kama kahawa yako ni ya kuchemsha kwenye sufuria na kuiacha mashapo yatulie chini, kisu kinakutosha. Hela ya meno ongezea kwenye buni nzuri.