Vichwa vya slaidi za ndani: mtu akisoma vichwa peke yake aondoke na habari nzima

"Wakuu, mkurugenzi wetu anafungua prezentesheni kwenye simu, anapitisha kidole anasoma vichwa vya slaidi tu basi, kazi yote ya ndani haioni. Vichwa niviandikeje ili akifika mwisho awe amenielewa?"

Mkuu, nakupa kazi moja niliyofanya mwenyewe maana bila mfano hili jambo linabaki hewani. Nilikuwa naandaa ripoti ya vifurushi vinavyochelewa kuwafikia wateja, slaidi za ndani saba, na vichwa nilivipa hivi: Hali ya Sasa, Takwimu za Ucheleweshaji, Uchambuzi wa Usafirishaji, Uchambuzi wa Stoo, Maoni ya Madereva, Mapendekezo, Gharama. Ndani kila kitu kilikuwepo, chati safi, namba nimezihakiki mara mbili. Bosi akaifungua akiwa safarini, akapitisha zote, akaniandikia: "Nimeona, sasa unataka nifanye nini?"

Nilipovirudia vile vichwa nikaona tatizo. Ukivichukua vyote saba ukavibandika kwenye ripoti ya mtu mwingine kabisa, ya mauzo au ya mitambo, vinakaa vizuri tu. Yaani vinasema slaidi inahusu nini ila havisemi slaidi imegundua nini, ni sawa na lebo ya kwenye faili. Hicho ndo kipimo changu cha kwanza mpaka leo, kama kichwa kinaweza kuhamia kwenye ripoti ya mwingine bila kubadilishwa neno basi hakijasema kitu.

Sasa kwenye Kiswahili hili kosa lina sura yake, tunapenda sana majina yaliyotokana na vitenzi: ucheleweshaji, uboreshaji, upungufu, ongezeko la hiki na kile. Jina la namna hiyo linakuruhusu usiseme nani kafanya nini na imekuwaje. Dawa yake ni kulivunja jina lirudi kuwa kitenzi chenye mtenda na wakati. "Uboreshaji wa zamu" ikawa "zamu ya jioni imepunguza vifurushi vinavyochelewa". Na angalia hapo ule wakati unavyofanya kazi: *imepunguza* ni jambo limeshatokea na una ushahidi, *inapunguza* ni hali ya kila siku, *itapunguza* ni ahadi yako, *ingepunguza* ni makadirio. Anayesoma vichwa tu hana sehemu nyingine ya kujua kipi umekipima na kipi unakitarajia, kwa hiyo kale kasilabi kamoja usikaweke kwa mazoea.

Baada ya hapo nilifunga slaidi zote nikachukua karatasi, nikaandika sentensi tupu, hakuna chati. Nilianza na ile ya kwanza halafu nikajiuliza, mtu mwenye akili zake akiisikia hii atauliza nini? Jibu la hilo swali ndo linakuwa kichwa kinachofuata. Mwishoni vikawa hivi:

1. Katika kila vifurushi 100, 18 vinamfikia mteja baada ya siku tuliyoahidi
2. Havichelewi njiani: magari yanayotoka kwa wakati yanafika kwa wakati
3. Oda za jioni zinalala stoo mpaka asubuhi kabla ya kufungashwa
4. Katika vifurushi 18 vinavyochelewa, 14 vimetokana na oda za jioni
5. Tulipofungasha oda za jioni siku hiyohiyo kwa wiki mbili, 18 ilishuka hadi 6
6. Zamu ya jioni haihitaji kuajiri: tunahamisha watu 4 wa asubuhi na kuwalipa posho
7. Tunaomba idhini ya kuhamisha watu hao 4 kuanzia mwezi ujao

Visome kwa sauti mfululizo. Cha kwanza kinakufanya uulize vinachelewea wapi, cha pili kinaondoa jibu ambalo kila mtu analo kichwani (barabara, madereva), cha tatu kinakupeleka stoo, cha nne kinaonyesha kwamba hilo la stoo ni kubwa kiasi cha kushughulikiwa, na kuendelea hivyo mpaka ombi. Mi huwa najaribu kuchomeka "kwa sababu", "lakini" au "kwa hiyo" katikati ya kila viwili. Kikiingia chochote, mnyororo upo. Kama neno pekee linaloingia ni "pia", hapo nasimama, maana mara nyingi hiyo slaidi imeingia kwa kuwa data ilikuwepo tu na habari haikuihitaji.

Ndo yaliyoipata slaidi ya maoni ya madereva. Ilinichukua siku mbili kuikusanya na nilikuwa naipenda, ila baada ya kusema kwamba havichelewi njiani, kuwaleta madereva wanaolalamikia njia kulikuwa kunamrudisha msomaji nyuma aanze kutilia shaka kichwa cha pili. Nikaipeleka kwenye viambatisho nyuma, akiuliza ipo.

Kuna kosa lingine lilinigharimu zaidi, na hili watu wengi hawaliongelei. Kichwa cha tatu hakikuwa hivyo mwanzoni, niliandika "Stoo ndiyo chanzo cha ucheleweshaji". Kilikuwa kifupi na kina nguvu. Kwenye kikao msimamizi wa stoo akasimama akasema hebu tuonyeshe kwenye hii chati wapi panasema sisi ndo chanzo, chati inaonyesha saa ambazo oda inakaa stoo, na oda za jioni zinaingia wakati wafungashaji wameshaondoka kwa zamu tuliyopangiwa. Alikuwa sahihi kabisa. Chati yangu ilipima saa, kichwa kikahukumu watu. Tangu siku hiyo huwa naficha kichwa kwa mkono, namwonyesha mwenzangu chati peke yake namuuliza hii inakwambia nini. Akisema kitu kidogo kuliko kichwa changu, napunguza kichwa, siongezi maelezo pembeni ya kukitetea. Na kwa mtu asiyefungua ndani hili ni la uaminifu zaidi, kwa sababu yeye chati haisomi, anakuamini wewe kwa hilo neno moja.

Kuhusu urefu, mistari miwili kwenye slaidi, basi. Kikienda wa tatu cha kwanza kutupa ni zile dibaji za "uchambuzi unaonyesha kwamba", "imebainika kuwa", hazina mzigo wowote. Cha pili angalia "na". Kama kabla ya "na" kuna dai na baada yake kuna dai jingine ambalo nalo linahitaji ushahidi wake, hizo ni slaidi mbili. Ile ya sita niliiacha na "na" yake kwa sababu kuhamisha na kulipa posho ni mpango mmoja, huwezi kukubali nusu. Usikubali programu ikupunguzie herufi zenyewe ili sentensi ienee, ukiona kichwa kimoja kina maandishi madogo kuliko vingine jua kuna kazi ya kukata hujaifanya, na kwenye simu hakitasomeka.

Namba weka ile moja au mbili zinazobeba hoja, zilizobaki ziko kwenye chati. Halafu zifanane vipimo. Mwanzoni kichwa cha kwanza nilisema asilimia, cha nne nikasema idadi ya mwezi mzima, cha tano wastani wa siku. Zote zilikuwa sahihi lakini anayepitia haraka hawezi kuzilinganisha, kwa hiyo nikazirudisha zote kwenye "katika kila 100" ndo maana 18 inaonekana ikitembea kutoka cha kwanza mpaka cha tano. Maneno nayo ni hivyohivyo. Shuleni tulifundishwa tusirudie neno, hapa rudia! Ukisema "oda za jioni" slaidi ya tatu, halafu "maagizo ya usiku" ya nne, na "vifurushi vya baada ya saa za kazi" ya tano, msomaji wa haraka ataamini unaongelea vitu vitatu.

Vichwa vya maswali mi niliviacha. "Je, tatizo liko wapi?" kinavutia ukiwa umesimama mbele ya watu unaongea, lakini anayesoma peke yake kwenye simu anabaki na swali, jibu liko ndani ambako haingii.

Sasa namna ya kujikagua. Ukiwa kwenye PowerPoint ya kompyuta nenda View halafu Outline View, upande wa kushoto utaona maandishi ya slaidi zote, bofya kitufe cha kulia cha mausi hapo, chagua Collapse kisha Collapse All, vinabaki vichwa vitupu vimepangana. Hivyo ndo anavyoviona mkurugenzi wako. Kama slaidi fulani inaonekana haina kichwa wakati unajua umeandika, maana yake uliandika kwenye kisanduku cha maandishi cha kawaida badala ya ile nafasi maalum ya kichwa, kirudishe kwenye nafasi yake. Kisha nakili hiyo orodha umtumie mtu ambaye hayumo kwenye kazi hiyo, slaidi usimpe, mwambie akusimulie kwa maneno yake tatizo ni nini na unaomba nini. Usimsaidie. Pale anapokwama au anapobuni cha kujazia ndo kuna kichwa kinakosekana. Na hii kazi ifanye mapema kabla hujachora chati, mi nilipoanza na sentensi nikagundua chati tatu hazikuwa na kichwa cha kuzibeba, muda wa kuzichora ningeuokoa.

Si kila slaidi inahitaji sentensi lakini. Slaidi ya kutenganisha sehemu, au jedwali la nyuma ambalo mtu analifuata akiwa na swali lake, hizo zipe jina la kawaida tu ili azipate haraka.

Ile ripoti nikaituma upya na vichwa vipya. Jibu likaja siku hiyohiyo, safari hii akauliza: "Nani atawasimamia hao wanne jioni?" Nikarudi kwenye orodha yangu, kweli hakuna kichwa kilichojibu hilo, lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya slaidi ya sita. Nikalitoa kule nikalipa slaidi yake kati ya sita na saba: "Msimamizi wa zamu ya asubuhi atabadilishana jioni na msaidizi wake kila wiki". Akaidhinisha.