Pointi za kazi: stoo 560, mapokezi 420, tumekosea wapi?

SWALI: Habari mtaalam. Kampuni yetu tumepanga kazi kwa pointi, jumla 1000: ujuzi 400, wajibu 300, juhudi 200, mazingira 100, na kila kigezo kina ngazi tano zinazopanda sawasawa. Mtunza stoo kapata 560, mtu wa mapokezi 420. Gredi zetu zinakatwa kila baada ya 100 (400, 500, 600...) kwa hiyo wameachana gredi nzima. Dada wa mapokezi hataki kusikia, bosi anasema namba hazidanganyi. Ndo ilivyo au tumekosea?

JIBU: Ndugu, hesabu yenu sina shaka nayo, shaka yangu iko kwenye maelezo ya kigezo cha juhudi. Nataka kubeti mmeandika kitu kama "kunyanyua mizigo, kusimama muda mrefu" basi, maana ndo watu wengi wanavyoandika. Ukiandika hivyo stoo anapanda ngazi ya 4 anachukua 160, mapokezi anabaki ngazi ya 1 na 40 zake, hapo tu pointi 120 zishaondoka kati ya zile 140 zinazowatenganisha. Sasa mtu anayepokea simu huku mteja mwingine kasimama mbele yake anafoka, na lazima ajibu wote kwa adabu bila kukosea majina wala miadi, huyo naye anachoka, ila fomu yenu haina pa kuandika huo uchovu.

Igaweni juhudi mara mbili: mwili 100, akili na hisia 100. Ngazi zinakuwa 20, 40, 60, 80, 100. Stoo kwenye mwili yuko ngazi ya 4, 80, kwenye akili ngazi ya 2, 40, jumla 120. Mapokezi mwili ngazi ya 1, 20, akili ngazi ya 4, 80, jumla 100. Vigezo vingine usiviguse: tuseme stoo ujuzi 160, wajibu 180, mazingira 60, anafika 520. Mapokezi ujuzi 240, wajibu 120, mazingira 20, anafika 480. Tofauti imeshuka kutoka 140 mpaka 40, na hakuna aliyependelewa, kilichobadilika ni kwamba kazi zote mbili zimepimwa kwa kile zinachodai kweli. Na mrudie kazi zote kwa fomu mpya, sio hizi mbili tu, la sivyo mtaonekana mmemtengenezea dada mmoja.

Hili jambo la juhudi lina historia ndefu. Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1951 unataka wanaume na wanawake walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa, yani hata kama kazi zenyewe hazifanani, na mahali mfumo wa pointi unapoyumba mara nyingi ni hapa, kigezo kinaona gunia hakioni mteja mkali. Njia ya kujua: panga kazi zote, angalia zinazofanywa zaidi na wanawake, zikiwa zote zinaanguka kwenye kigezo kimoja basi kasome upya maelezo ya hicho kigezo.

Lakini bado 480 na 520 ziko pande mbili za mstari wa 500, na hapa ndo kosa la pili. Mstari wa kila 100 unapendeza kwenye karatasi tu. Chukua kazi zote uzipange kwa pointi. Tuseme zimetoka 310, 340, 350, halafu 480, 520, 530, halafu 640. Unaona zimejikusanya zenyewe? Mpaka uweke kwenye pengo, mfano 415 na 585, stoo na mapokezi wakae gredi moja. Kupima kwa pointi ni makadirio ya watu waliokaa mezani, kamati nyingine makini ingeweza kumpa stoo 500, sasa kumkatia mtu mshahara kwa tofauti ya 40 ni kuiamini namba kuliko inavyostahili. Kwenye taasisi kubwa mapengo hayaonekani, kazi zinajaa kila mahali, huko mnaweka upana sawa ila kazi zilizo karibu na mstari mnazipima upya kabla ya kufunga.

Mipaka chora ukiwa na namba za kazi tu, majina na mishahara ya sasa vifunikwe, maana bosi akiona jina la fulani mstari utasogea wenyewe.

Kama stoo tayari analipwa zaidi ya kiwango cha juu cha gredi mpya, usimpunguze. Mshahara wake usimame hapo hapo mpaka kiwango cha gredi kimfikie, na wa mapokezi akiwa chini ya kiwango cha chini apandishwe kwanza mpaka afike.