Kabla hujaandika jibu, tafuta swali lake

Mimi kazi yangu ni kupitia mazungumzo ya michezo ya kuigiza hapa Mombasa, na kitu kinachonisumbua zaidi si tahajia, ni jibu ambalo sarufi yake iko sawa lakini haliendi na swali. Sasa ushauri wangu ni huu, kila sentensi iulize yajibu swali gani.

Chukua asubuhi nyumbani, mahamri na mbaazi mezani. Mtu akuulize "umekula nini?", utasema "nimekula mahamri". Mahamri ndiyo habari mpya, yamekaa baada ya kitenzi, na kitenzi hakina -ya-. Lakini mamako akitoka jikoni aulize "mahamri yako wapi?", hapo utamwambia "mahamri nimeyala", manake mahamri nyote mwayajua, ndiyo mnayoyazungumzia, basi yanatangulia na -ya- inaingia kwenye kitenzi kuyarejelea, habari mpya ni kwamba yashaliwa. Hebu badilisha majibu uone: "umekula nini?" "mahamri nimeyala". Sikio linakataa papo hapo, kama vile huyo mtu anajibu swali la mwengine.

Na ukitaka kulinganisha, weka mada mbili mbele, kila moja na kitenzi chake: "mahamri nimeyala, mbaazi sijazigusa". Hapo hata bila kusema "lakini" msomaji ashaelewa.

Kwenye "nani" ndio watu wengi wanapoteza utamu. Mama akiuliza "nani amekula mahamri?", kwa mdomo unaweza kujibu "Ali amekula" ukakaza sauti kwenye Ali na ikatosha, ila karatasi haina sauti, na mahali pa mbele ya kitenzi msomaji amezoea kupachukulia kuwa pa mtu anayejulikana tayari. Kwa hivyo andika "Ali ndiye aliyeyala". Hiyo ndiye pamoja na -ye- ya aliye inamtoa Ali peke yake na kuwaacha wengine nje. Jaribu kuongezea "na Fatma pia ndiye aliyeyala", utaona zinagongana. Kama waliokula ni wengi na wewe wamtaja mmoja tu kati yao, usitumie ndiye, sema tu "Ali alikula, na Fatma pia".

Jambo moja la kuangalia, usipime hii -ya- au -zi- kwa majina ya watu. "Nimemwona Ali" inajibu "umemwona nani?" na pia inajibu "Ali umemwona?", kwa sababu mtu akiwa mtendwa -m- huwa inaingia tu, awe mpya awe wa zamani. Kwa watu, angalia mpangilio: "Ali nimemwona" ni ya aliyekuwa akiulizwa habari za Ali. Kipimo cha kiambishi kifanyie vitu, vitabu, mahamri, nguo, huko ndiko kinakoonyesha tofauti.