Goti la Poland, bima ya Ujerumani: kibali kwanza, ankara baadaye

Wenzetu mliofika Ujerumani juzijuzi na mko kwenye bima ya afya ya lazima, nimewasaidia watu kadhaa kudai fedha za matibabu ya nje. Jambo linalowaumiza wengi ni kibali. Ukitaka kulazwa hospitali ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya kwa upasuaji uliopangwa, mfuko wako wa bima lazima ukubali kabla hujaenda. Mtu akishapasuliwa ndipo aombe, mara nyingi hapati kitu, hata ankara ikiwa safi. Na utaratibu huu hauvuki hadi Nairobi wala Dar es Salaam.

Kibali chenyewe ni cha aina mbili, kwa hiyo soma barua vizuri. Ukipewa fomu ya S2, unatibiwa kama mwenyeji wa nchi ile, katika hospitali iliyo kwenye mfumo wao wa umma, na sehemu kubwa ya gharama mifuko humalizana yenyewe. Kibali kingine kinaruhusu hata hospitali binafsi, lakini unalipa mwenyewe kwanza, kisha unarudishiwa kisichozidi gharama ya tiba hiyo hiyo Ujerumani.

Tuchukue mama mmoja aliyebadilishiwa goti Wrocław kwa kibali hicho cha pili. Ankara ilikuwa zloti 34,000. Kwa kiwango cha zloti 4.25 kwa euro, hizo ni euro 8,000, ila benki yake ilitumia 4.20 ikamkata 8,095. Alikuja kwangu akitaka kupigania zile 95. Nikamwonyesha kwamba kwa tiba ile mfuko wake ungelipa Ujerumani 7,600 tu, na dari hiyo iko chini ya hesabu zote mbili. Kiwango cha ubadilishaji kinakuwa na uzito pale ankara inapokuwa chini ya dari. Hapo taarifa ya benki yenye tarehe ya malipo ndiyo ushahidi wako. Kutoka 7,600, mfuko unaweza kukata hadi asilimia 5 za uendeshaji, yaani 380, na mchango wa mgonjwa wa euro 10 kwa kila siku ya kulazwa. Kwa siku sita ni 60. Alipata 7,160. Zile 935 zilizobaki alizibeba mwenyewe, na nauli pia. Omba makadirio ya dari kwa maandishi kabla ya kulipa amana.

Kuhusu tafsiri, huyo mama alikuwa ameshatafsiriwa faili zima la kurasa 40 na rafiki yake. Mfuko ukataka mtafsiri aliyeapishwa mahakamani, naye hapa kwa kawaida hulipwa kwa mstari. Uliza kwanza wanataka nini. Yeye mwishowe alitakiwa nyaraka mbili tu: ankara yenye mchanganuo wa kila huduma na tarehe yake, na muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini. Hakikisha jina kwenye ankara limeandikwa kama lilivyo kwenye kadi ya bima, herufi kwa herufi. Kosa la hospitali lisahihishwe na hospitali yenyewe, kwa sababu mtafsiri hana ruhusa ya kulirekebisha.