Kakombe na Igamba hayafuati kalenda moja

*"Wakuu, nipo Tabora, nina likizo ya wiki moja na kamera yangu. Nataka kuona maporomoko ya huko Kigoma yakiwa na maji ya kueleweka. Mmoja ananiambia niende kiangazi, mwingine anasema masika. Nimsikilize nani?"*

Mkuu, wote wawili hawajakudanganya, ila kila mmoja anazungumzia maporomoko yake: wa kiangazi anasema Igamba, ya mto Malagarasi, na wa masika anasema Kakombe, ya kule Gombe. Mimi ni mwenyeji wa Kigoma na somo hili nililinunua kwa nauli yangu.

Ilikuwa Februari. Mvua ilipiga mjini siku nne mfululizo, mitaro ya Mwanga ikafurika mpaka barabarani. Nikajisemea, kama hapa ni hivi, basi Igamba kule chini ya Uvinza kutakuwa kunanguruma. Nikakodi bodaboda, na kwa lile tope tuliisukuma zaidi ya tulivyoipanda. Kufika, nikakuta maji mekundu ya wastani tu yakipita katikati ya miamba, na wavuvi wawili wamekaa juu ya mwamba mkubwa wa bapa wameanika nyavu. Mzee mmoja akaniangalia nilivyochafuka, akacheka: "Umewahi, mwanangu. Malagarasi bado yuko kwenye matete. Njoo mvua ikikatika."

Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa amenipa jibu zima.

Kabla ya kufika Uvinza, Malagarasi hupita kwenye yale mabwawa na matete ya Malagarasi-Muyovozi. Ni eneo la hekta zaidi ya milioni 3, na mwaka 2000 ndilo lililokuwa la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu muhimu. Ardhi ile ni tambarare, maji hayana haraka. Mvua za Novemba na Desemba zinakuta udongo umepasuka kwa ukame, kwa hiyo kwanza unakunywa. Baada ya hapo mabwawa yanajaa na maji yanatandaa kwenye matete, mengine yanarudi angani kama mvuke. Yanayobaki yanasogea polepole kuelekea Uvinza. Ugalla, unaotoka huko kwenu Tabora, nao unaleta ya kwake kwa mwendo huohuo wa mgonjwa. Ndiyo maana mto hufika kilele karibu Aprili na Mei, wakati mvua yenyewe inaaga au imeshaaga.

Sasa yale maji mekundu ya Februari yalitoka wapi? Hapo ndipo wageni wengi wanapopotea. Pale Uvinza, karibu na chemchemi za chumvi, mto Ruchugi unaingia Malagarasi ukitokea milima ya Kasulu. Huo hauna matete makubwa ya kuuzuia. Ikinyesha Kasulu, Ruchugi unajaa upesi na kushuka na udongo wa mashambani. Kwa hiyo katikati ya masika unachokiona Igamba ni rangi ya Ruchugi juu ya Malagarasi ambao haujapanda bado. Ukiona maji yamekuwa kama chai ya maziwa, usiyachukulie kuwa ndiyo kilele. Ni mvua ya jirani tu.

Nilirudi mwishoni mwa Mei ya mwaka uleule. Jua lilikuwa linawaka, barabara imekauka, hakuna hata wingu. Ngurumo nilianza kuisikia kabla sijauona mto. Ule mwamba wa nyavu haukuwepo. Palikuwa na nundu ya maji tu, laini kama mgongo wa kiboko, inapanda na kushuka mahali pale pale. Ruchugi ulikuwa umeshatulia, kwa hiyo wekundu ulikuwa umepungua sana, maji yana rangi ya chai ya rangi, na povu lake jeupe linaonekana vizuri kwenye picha. Kwa Igamba, basi, chukua katikati ya Mei hadi Juni. Agosti na Septemba mto unagawanyika vijito vijito kati ya miamba, na madimbwi yanabaki pembeni. Wapo wanaopenda hivyo kwa sababu umbo la mwamba linaonekana lote, nami siwapingi, ila si maji uliyoyaulizia. Popote utakaposimama, kumbuka Malagarasi una mamba, na jiwe lenye utelezi wa kijani halikanyagwi. Kuna pia mradi wa umeme wa megawati 49.5 uliopangwa kwenye maporomoko hayo. Mitambo ikianza kuchepusha maji, hesabu hii ya miezi itabidi tuipige upya.

Kakombe, ndani ya Hifadhi ya Gombe, ni habari nyingine kabisa. Kijito chake kinaanzia juu kwenye kingo za bonde la ufa na kuingia ziwani baada ya kilomita chache tu, na maporomoko yenyewe yana kimo cha kama mita 25. Hakuna bwawa njiani. Mvua ya usiku utaiona pale asubuhi, na siku mbili tatu za jua zinatosha kuyarudisha maji chini. Hayakauki, kwa sababu msitu wa bondeni unashika maji ardhini na kuyaachia kidogo kidogo mwaka mzima, ila Septemba utakuta utepe mwembamba ulioshikamana na mwamba. Machi, asubuhi baada ya mvua kubwa, maji yanaruka mbali na mwamba, yanasukuma upepo wa baridi, na majani ya kando yanatikisika bila kutulia. Hapo hapo ndipo watafiti wamewaona sokwe dume wakisimamisha manyoya na kuyumba kwa midundo mbele ya maji, kama wanayachezea ngoma. Tatizo ni kwamba siku hiyo hiyo njia inateleza vibaya na manyunyu yanalowesha lenzi. Waongozaji wengi watakuambia uje Julai hadi Oktoba, na kwa picha za sokwe wako sahihi. Kwa maji, hapana.

Kuna jambo la hewa ambalo watu hulisahau. Kuanzia Julai moto wa nyika unaanza, na kufikia Septemba moshi umetanda kiasi kwamba milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haionekani. Mei hewa bado imeoshwa na mvua, nyasi bado kijani.

Kwa hiyo likizo yako ya wiki moja ningeiweka wiki ya pili au ya tatu ya Mei. Panda treni mpaka Uvinza, maliza Igamba kwanza kwa siku mbili, kisha shuka Kigoma na uchukue boti Kibirizi kwenda Gombe. Wakati huo Kakombe bado ina maji ya mvua za mwisho, si kilele chake lakini hutajuta. Fika kwenye maporomoko kuelekea saa sita mchana, bonde ni jembamba na jua haliingii mapema. Ziwani safiri asubuhi, maana miezi hiyo upepo wa kusi huamka mchana na mawimbi yake si ya utani.

Wiki hizo zinasogea mwaka hadi mwaka. Mabwawa yakibaki na maji mengi kutoka msimu uliopita, Malagarasi hupanda mapema. Mvua zikichelewa, nao unachelewa. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi, tafuta bodaboda wa Uvinza anayekwenda Igamba mara kwa mara. Usimuulize kama mvua inanyesha. Muulize kama wavuvi bado wanaanika nyavu kwenye ule mwamba wa bapa.